Kiti cha pili: hesabu au asilimia?

"Nimeongeza kiti cha pili kwenye saluni yangu ya kunyoa, kijana nimlipeje tusigombane?"

Kaka, mimi niko Mwanga, Kigoma. Nilianza kwa hesabu: kijana wangu ananiletea 15,000 kila siku. Umeme ukikatika kutwa, deni linabaki kwake. Akaanza kuwafuata wateja majumbani usiku, na mashine yangu. Sikumfukuza, hesabu ile ilimbana kweli.

Tukahamia asilimia: kichwa 3,000, yeye 40. Mteja akishuka kitini tu, mstari daftarini, hata kama nimemnyoa mimi. Jana alinyoa 14, ikawa 42,000. Akaondoka na 16,800 zake palepale, bila kusubiri Jumamosi. Nyembe na spiriti nanunua mimi. Alipokuwa akijinunulia, nilikuta wembe mmoja umepita vichwa viwili.