API ni kama mhudumu wa mgahawa

"Wakuu, API inafanyaje programu moja ichukue data kwa nyingine? Yangu inarudisha 404 tu."

Mkuu, chukulia umekaa mgahawani pale Shangani, Mtwara. Huingii jikoni kufunua masufuria. Unamwagiza mhudumu, anapeleka oda, anarudi na sahani. API ndiye huyo mhudumu: programu yako haigusi hifadhidata ya wenzako, inaagiza tu kwa maneno yaliyo kwenye menyu yao. Mfano, bei ya samaki:

```
GET /samaki/changu
```

Jibu linarudi na namba. 200 ni sahani mezani. 404 ina maana mhudumu amekusikia vizuri, ila ulichotaja hakipo kwenye anwani hiyo. Kwa hiyo usihangaike na bando, mtandao wako unafika. Linganisha njia uliyoandika na nyaraka zao, herufi kwa herufi. Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kuandika `/Samaki` badala ya `/samaki`. Seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Ungekosa ufunguo, yaani msimbo wa siri wanaokupa ili wakutambue, kwa kawaida ungepata 401. Jiko likiharibikiwa ni 500, na hapo kwa kawaida kosa ni lao. Ukimwita mhudumu kila sekunde, atakurudishia 429: punguza kasi.

Weka hapa njia unayoita tuione, ila ufunguo wako ufiche.