Bei ya gesti wiki ya marathoni: nilivyompoteza mteja na ninavyopanga sasa hivi

Nina gesti ya vyumba 10 hapa Moshi, siku za kawaida chumba ni 40,000 na chai ya asubuhi humo humo. Wenye biashara kama yangu wanajua mji huu una vipindi viwili ambavyo hata godoro la stoo linauzika, kwanza Krismasi watu wakirudi nyumbani, halafu mwisho wa Februari kwenye Kilimanjaro Marathoni, siku hizo mtu anakupigia simu hata hajauliza kama maji ya moto yapo.

Mwaka ule niliosikia majirani wote wamepandisha na mimi nikapandisha, alhamisi jioni nikamwambia binti wa mapokezi kuanzia sasa ni 90,000. Ijumaa usiku akaja kaka mmoja wa Dodoma, huyu ni mteja wangu kabisa, kila mwezi anakuja kikazi na wenzake wawili wanalala siku mbili. Alishapiga simu januari akaambiwa njoo tu, arobaini kama kawaida. Sasa saa nne usiku yuko na begi anaambiwa tisini. Alilipa kwa sababu mji umejaa aende wapi, hakugomba wala nini, akalala siku mbili akaondoka na mpaka leo hajarudi, wala wale wenzake.

Pigeni hesabu na mimi. Nilipata 100,000 ya ziada kwake. Vyumba vitatu, siku mbili, miezi 12, ni malazi 72 kwa mwaka, mara 40,000 ni 2,880,000. Hiyo ndo niliyoibadilisha na laki moja. Na kilichoniuma zaidi yule kaka alikuwa na haki, bei aliitajiwa na mtu wa kwangu, kwenye simu ya kwangu.

Nilikaa nikafikiria sana hili jambo na nikaanza kuwauliza wateja wenyewe. Karibu wote wanajua kabisa wiki ya marathoni bei inapanda, hawana shida na hilo, nyanya zenyewe zinapanda masika. Wanachokasirikia ni bei kubadilika wakiwa wameshafika mlangoni, na kukuta wa chumba cha pili kalipa nusu na hakuna mtu anayeweza kumweleza kwa nini. Kwahiyo nikapanga upya kabisa.

Kwanza bei kubwa ndo nimeifanya bei yenyewe. Ubao wa mapokezi unasema chumba 75,000, halafu chini yake siku za kawaida punguzo unalipa 40,000, masika aprili na mei 30,000. Pesa ni ile ile ila mtu wa siku za kawaida anaona kapunguziwa, na wa marathoni anaona analipa bei iliyoandikwa, hajaongezewa kwa sababu ya sura yake au namba ya gari lake. Na ubao unakaa mwaka mzima, tarehe za kila kipindi zimeandikwa, ukianza kubandika karatasi mpya wiki yenyewe ya tukio umeshaharibu.

Pili, wiki ya marathoni siuzi vyumba vyote bei moja. Vinne vya kwanza 55,000, vinne vinavyofuata 65,000, viwili vya mwisho 75,000. Vikijaa vyote ni 630,000 kwa usiku mmoja. Ule mwaka wa tisini nilijaza vyumba sita tu, 540,000, vinne vikalala tupu mji ukiwa umejaa, maana wengi walisikia bei wakaondoka na nilikuwa nimechelewa kutangaza. Na hapa kwenye ngazi za bei ndo pa kuwa makini, sharti la kupata bei ndogo liwe ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kufanya, kwangu ni kuwahi na kulipa nusu kwa lipa namba, basi. Sio ujuane na mimi, sio uongee vizuri. Wakikaa kwenye chai wakaulizana bei, na wataulizana tu, aliyelipa 75,000 anajua mwenzake alilipa desemba.

Akishatuma ile nusu namrudishia meseji yenye tarehe, idadi ya siku, bei ya jumla na kiasi kilichobaki. Hiyo meseji ndo mkataba. Hata mtu akija na 120,000 mkononi siku hiyo chumba sio changu tena. Anayepiga simu bila kutuma kitu anaambiwa wazi kwamba bei ya leo ni hii na tunamshikia mpaka kesho saa sita mchana, ikipita hapo ni bei itakayokuwepo. Binti wa mapokezi ana daftari, kila aliyetajiwa bei anaandikwa jina na bei na tarehe, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia kwenye simu ambayo hakuna aliyeiandika.

Kama mko kwenye apu za kubuki, badilisheni huko KWANZA kabla ya ubao. Mimi nilisahau mara moja, mgeni akanionyesha simu yake 40,000 na ubao unasema 65,000. Nilimpa kwa 40,000, aliyekosea ni mimi.

Utajuaje umekosea bei? Vyumba vyote vikiisha wiki ya kwanza ya kuuza uliuza rahisi, acha, mwakani pandisha ngazi ya kwanza, usimguse aliyelipa. Zikibaki wiki mbili na umeuza vitatu tu, uko juu. Hapo wengi wanashusha kimya kimya na aliyewahi anaonekana mjinga, hilo ndo kosa baya kuliko yote. Mimi naongeza kitu badala ya kushusha bei, chai ya saa kumi na nusu alfajiri kwa wanaokimbia, na ruhusa ya kukaa na chumba mpaka saa nane mchana jumapili waoge kabla ya safari, na wale waliolipa zamani nao wanapata vile vile. Ikibidi kushusha kabisa, basi mrudishie aliyewahi tofauti yake. Nilifanya hivyo mara moja kwa watu watatu, 10,000 kila mmoja kwa usiku, wawili kati yao wamerudi mwaka uliofuata.

Chini nako kuna mpaka. Kwangu chumba kikilalwa kinakula kama 12,000, kufua, chai, sabuni, umeme, maji, kwahiyo hata masika hiyo 30,000 siishushi ovyo, mteja akizoea ishirini utamrudishaje arobaini?

Wenzetu wa mabasi hii ya kupandisha hawana, LATRA imeweka nauli kikomo na kuivuka ni kosa hata kama ni Desemba 23. Nafasi yao iko chini ya kikomo, lile basi linalorudi Dar tupu kabla ya Krismasi ndo la kuuza kwa punguzo, na linalopanda liwe nauli ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi, sio tiketi inasema hivi na mkononi unadaiwa vingine.

Wateja wangu wa kila mwezi nawatumia wasapu novemba, tarehe za marathoni ni hizi, ukitaka kuja siku hizo kwako ni 55,000 mpaka Desemba 15, baada ya hapo chumba nakiachia. Na jumapili usiku, mbio zimeisha, anayebaki kulala analipa 40,000, tunamwambia wenyewe kabla hajauliza.