Maneno ya kuweka chini ya picha ya kahawa mpya

"Wakuu, nimekaanga kahawa ya Mbinga kwa mara ya kwanza, nataka kuiposti. Ladha niiandikeje bila kudanganya watu, na bei za pakiti nizipangeje?"

Mkuu, usiandike leo. Kahawa iliyotoka kikaangioni bado imejaa hewa ya kaboni, na ladha utakayoionja leo siyo atakayoipata mteja wiki ijayo. Mimi husubiri siku nne. Kisha natia gramu 11 za unga kwenye kikombe cha mililita 200 za maji ya moto, naacha dakika nne, naondoa povu na kuonja kwa kijiko. Naonja ikiwa ya moto, naonja tena ikiwa vuguvugu. Usiiruke hiyo ya pili, maana joto huficha kasoro. Ukaangaji ukiwa wa haraka mno, kahawa ikipoa utasikia ladha ya nyasi au mahindi mabichi. Hiyo usiiuze kabisa.

Zamani niliandika "ladha ya matunda ya porini" kwa sababu niliona wengine wanaandika hivyo. Mteja mmoja akarudisha pakiti, akisema kahawa imechacha. Haikuwa imeharibika, ulikuwa uchachu wake wa asili ambao mimi sikuutaja. Tangu siku hiyo nautaja waziwazi, na naufananisha na kitu ambacho mnunuzi ameshakila. Mzigo wangu wa mwisho wa Mbinga niliuandikia hivi:

"Arabika ya Mbinga, Ruvuma, iliyooshwa. Imekaangwa Jumanne, kiwango cha kati. Ikiwa ya moto ina ladha ya karanga za kukaanga na sukari guru, ikipoa unakuja uchachu kama wa chungwa. Ni nyepesi mdomoni, ukitia maziwa mengi itapotea. Kama unapenda kahawa chungu ya kijiweni, hii haitakufaa. Gramu 250 sh. 12,000, gramu 500 sh. 22,000, kilo 1 sh. 42,000. Ya punje au ya kusagwa, bei ni moja."

Ile sentensi ya maziwa nilidhani ingenipunguzia wateja. Waliopungua ni wa malalamiko tu.

Kwenye bei, piga hesabu ya gramu kabla ya kuposti. Niliwahi kuweka 250 kwa 12,000 na 500 kwa 25,000, kumbe pakiti mbili ndogo zilikuwa nafuu kuliko moja kubwa, na watu waliliona hilo kabla yangu. Gharama yako pia ianzie kwenye uzito wa baada ya kukaanga. Mimi kilo 10 za buni hunipa kama kilo 8 na nusu, kwa hiyo ukigawanya gharama kwa 10 unauza kwa hasara bila kujua. Pima zako mwenyewe, maana ukikaanga hadi iwe nyeusi zaidi inapungua zaidi.

Tarehe ya kukaanga usiisahau. Mnunuzi mzoefu huitafuta hiyo kwanza.