Taa na mpira: mbona kila upande inatoka mwezi wa sita?

Swali: Mwalimu, dada yangu yuko London, anasema mwezi wa sita saa tatu usiku bado kuna jua, ila mwezi wa kumi na mbili saa kumi tu jioni giza. Huku Dar mbona mambo ni yaleyale mwaka mzima? Nimejaribu ile ya taa na mpira, nikauinamisha mpira kwenye taa, ila kila nikizunguka naona ni mwezi wa sita tu. Nakosea wapi?

Jibu: Kosa ni kwamba ukizunguka taa unaugeuza na ule mti uliochoma mpira, ncha yake inaitazama taa muda wote. Mhimili wa dunia haufanyi hivyo. Umelala digrii 23.5 kutoka wima na ncha ya kaskazini inaelekea upande uleule wa anga, karibu na Nyota ya Kaskazini, dunia iwe upande wowote wa jua.

Sasa rudia. Chukua mpira wa upana wa sentimita 20 hivi, chora ikweta, afu chora duara la London sentimita 9 juu ya ikweta na la Dar sentimita moja na kitu chini yake. Balbu iwe wazi, usawa wa katikati ya mpira. Laza mti ncha ielekee ukuta wenye mlango na usiigeuze tena hata kidogo. Ukisimama ng'ambo ya taa, yaani taa iko kati yako na mlango, ncha inalalia taa, huo ndo mwezi wa sita. Ukihamia upande wa mlango ncha inaipa taa mgongo, hapo ni Desemba.

Ukiwa Juni pima kwa uzi. Duara la London lina kama sentimita 39 na zilizo kwenye mwanga ni karibu 27, kwa hiyo 27 gawanya kwa 39 mara 24 unapata masaa 16 na nusu hivi, na kweli London Juni 21 ina masaa 16 na dakika 38. Desemba inabaki chini ya masaa 8. Duara la Dar liko jirani na ikweta, na ikweta yenyewe mpaka wa mwanga na giza huikata nusu kwa nusu siku zote, ndo maana mchana wenu unacheza kati ya masaa 11 na dakika 45 na masaa 12 na nusu tu.

Baridi nayo inatoka hapohapo. Juni jua la adhuhuri London linapanda digrii 62, Desemba 15 tu, mwanga unakuja umelala na kutandazwa eneo kubwa zaidi ya mara tatu, afu mchana wenyewe mfupi. Wengi wanadhani ni umbali, ila dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati London wanatetemeka.

Kitu kingine, balbu ikae mita mbili hivi kutoka kwenye mpira. Ikisogea karibu sana inaangaza chini ya nusu ya mpira na mchana wote utatoka mfupi. Utajua ukisimama robo ya mzunguko, Machi au Septemba, maana hapo kila duara linatakiwa liwe na mwanga nusu na giza nusu, London na Dar sawa, na kama ikweta haifiki nusu sogeza taa nyuma kabla hujapima kingine.