Tukio la kimya: sauti ipi iingie, ipi itoke

Tuna tukio la filamu la sekunde 90. Mwanamke yuko peke yake ghorofani Mji Mkongwe, usiku, na mlango wa chini unafunguliwa. Muziki upo mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna mtazamaji anayeshtuka. Tufanye nini?

Muziki umeshamwambia mtazamaji aogope kabla hajasikia cha kuogopa, basi naye anaacha kusikiliza. Utoeni. Anzeni na sauti za mahali tu: nyenje na bahari ya mbali dirishani, pangaboi chumbani. Ziacheni nusu dakika nzima, masikio yazizoee.

Kwenye sekunde ya 35 shusheni nyenje taratibu, kwa sekunde 5, mpaka wapotee. Wengi hawatojua kilichoondoka, ila watatega masikio. Na nyenje hunyamaza kweli mtu akiwakaribia, kwa hivyo uchochoroni pameshaingia mtu bila ya picha kumuonesha. Sekunde ya 45 komeo lilie, pamebaki pangaboi na bahari ya mbali tu. Muziki uje sekunde 8 baadaye: noti moja ya chini ya fidla, ndogo kiasi kwamba haijulikani imeanza lini. Ukateni ghafla nyayo zinapofika mlangoni.

Nyayo tulizorekodi studio zinasikika kama zimebandikwa juu ya picha.

Kipaza sauti kilikuwa karibu mno. Mwanamke anazisikia kutoka juu, nanyi mmezirekodi kama yuko chini sakafuni. Nendeni kwenye ngazi za nyumba yenyewe, kipaza sauti kikae juu, mtembeaji aanzie chini. Kuta za mawe na chokaa zitaleta mwangwi ambao kompyuta huuiga kwa shida.

Halafu hamkurekodi nguo. Mwanamke akigeuka, kanga inasugua. Pitieni tukio zima mkitazama picha na kurekodi kanga peke yake, kisha iwekeni kama desibeli 10 chini ya nyayo. Hakuna atakayeitambua, lakini ukiizima mwanamke anakuwa kivuli. Msitumie kanga mpya: bado ina wanga, inachakarika kama karatasi. Ichukueni iliyokwishafuliwa mara nyingi.

Pale mwishoni si bora tuzime kila kitu?

Hapana. Mtazamaji atadhani spika imekatika. Bakisheni ukimya wa chumba kile kile, sekunde 60 zilizorekodiwa humo watu wote wametulia na friji imezimwa. Ngojeni adhana imalizike kwanza, kwani ikiingia kwa mbali kila mkato utaikata neno katikati, na sikio la Mzanzibari halilikosi hilo.

Ukumbini mngurumo wetu unatisha, kwenye simu haupo.

Spika ya simu ni ndogo. Mngurumo wa Hz 50 hautoki hata kidogo. Unakilini, nakala muipandishe oktava tatu, yaani Hz 400, muichanganye chini ya ule wa asili. Ikisikika wazi kama noti, imezidi. Kama bado inapotea, tatizo huenda ni pangaboi, kwani uvumi wake hukaa hapo hapo: lipunguzeni desibeli 3 kabla ya kuongeza chochote.