Namba inayotia shaka dakika chache kabla ya kwenda hewani

"Ndiyo kwanza nimeanza utayarishaji wa taarifa redioni. Ninapofupisha ripoti kwa haraka, nitajuaje kwamba namba ina kosa?"

Ndugu, rudi kwenye jedwali. Usiuamini muhtasari wa mwanzo wa ripoti. Nilipokuwa mgeni kazini nilipewa ripoti zikiwa zimebaki dakika kumi. Muhtasari wake ulisema wanafunzi wanaoacha shule wameongezeka kwa asilimia 2, nami nikanakili hivyo hivyo. Kilichonishtua ni kichwa cha ripoti kilicholia "ongezeko kubwa". Kubwa kwa asilimia 2?

Nikafungua jedwali: kiwango kilitoka asilimia 4 hadi 6. Tofauti ni 2, kweli, lakini hizo ni pointi za asilimia. Ukigawanya 2 kwa 4, kiwango kimepanda kwa asilimia 50, yaani nusu ya kilivyokuwa.

Sikumwachia msomaji wa habari hesabu hiyo. Niliandika: "Kiwango kimepanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6." Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena, kwa hiyo mwanzo na mwisho humtosha. Jedwali lingepingana na maelezo mengine ya ripoti, na mwandishi wake asipokee simu, ningeitoa namba kabisa na kusema tu kwamba kiwango kimepanda.

Nusura niharibu yote, maana namba ile ile ilikuwa pia kwenye vidokezo vya habari, na nakala ya zamani ilishafika mezani studio. Niliingia wakati muziki wa kiashiria cha taarifa unapigwa, nikaichomoa mkononi mwa msomaji na kumpa mpya.