Daftari la dalili lipangwe vipi?

"Nina daftari la dalili za kutambua picha imepigwa wapi. Limejaa, lakini bado nachanganya nchi. Nifanyeje?"

Ndugu, acha kulipanga kwa nchi. Kila ukurasa uwe wa dalili moja, na uorodheshe nchi zote zenye dalili hiyo pamoja na kinachozitenganisha.

Chukua kibao chenye herufi ø. Ukiandika tu "ø ni Norwe" utapotea, maana Denmaki nao wanaitumia. (Uswidi inatoka mapema, wao huandika ö.) Basi ongeza hapo hapo: tazama mstari wa katikati ya barabara. Norwe ni wa njano, Denmaki mweupe. Barabara haina mstari? Angalia upeo wa macho: Denmaki haina kilele kinachofika mita 200, kwa hiyo milima mirefu inaiondoa.

Weka na mwaka pia. Ufini ilianza kuacha mistari ya njano mwaka 2020, hivyo picha ya zamani na ya sasa zinaweza kupingana.

Unapofanya mazoezi, andika ubashiri na dalili iliyokuongoza kabla ya kuona jibu. Ukikosa, rekebisha ukurasa uleule uliokupotosha, usifungue mwingine.